Kujumlisha mizigo ya sakafu kwenye nguzo ya ghorofa: utumie kipunguzo kipi, cha BS, cha Ulaya au cha Marekani?

Nguzo moja ya katikati, sakafu saba za ofisi juu yake. Mzigo wa matumizi unaofika chini, bila kupunguza chochote, ni kN 1,103. Kwa kanuni ya Uingereza, BS 6399, unashuka hadi 662. Kwa kanuni ya Ulaya, EN 1991-1-1, ukifuata fomula yake kama ilivyo, unabaki 866. Kwa ASCE 7 ya Marekani ni 441. Jengo ni lile lile, wafanyakazi ni wale wale na makabati yao, na bado kati ya jibu la juu na la chini kuna karibu mara mbili.

Mhandisi kijana akiona namba hizi huuliza ipi ndiyo sahihi. Mimi namjibu kwamba kwanza tujue kila moja inadhani nini kuhusu jengo, halafu tuone namba hiyo inaenda kuzidishwa na nini. Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Nitatumia jengo moja tangu mwanzo hadi mwisho ili tusipotee.

Jengo lenyewe

Nguzo zimepangwa mita 6.0 upande mmoja na mita 7.5 upande wa pili. Nguzo ya katikati inabeba nusu ya uwazi kila upande, kwa hiyo eneo lake ni 6.0 × 7.5 = m² 45 kwa kila sakafu. Nguzo ya pembeni inapata nusu ya hapo, ya kona robo. Sakafu ya chini imelala juu ya ardhi, haihusiki na nguzo. Juu yake kuna sakafu saba za ofisi na slabu ya paa.

Mzigo wa kudumu: slabu ya mm 200 kwa zege la kN 25 kwa mita ya ujazo inatoa kN 5.0 kwa kila mita ya mraba. Saruji ya kusawazisha, taili, dari na mabomba nimevipa 1.5. Jumla 6.5, mara 45, ni 292.5. Sehemu ya bimu inayoning'inia chini ya slabu, upana mm 300 na kina mm 400, kwa mita 12.4 baada ya kutoa upana wa nguzo, ni kN 37. Nguzo yenyewe, mm 550 kwa 550 na urefu wa mita 3.3, ni kN 25. Inakuja kN 355 kwa kila ngazi. Paa nalo nimelipa 355, kwa sababu zege la mteremko na lami ya kuzuia maji vinachukua nafasi ya taili na dari. Ngazi nane ni kN 2,840.

Mzigo wa matumizi: ofisi 2.5, na 1.0 ya kuta nyepesi za kugawia vyumba, jumla kN 3.5 kwa mita ya mraba. Mara 45 ni kN 157.5 kwa sakafu. Paa linalofikika kwa ngazi nimelipa 1.5, yaani kN 67.5.

Kabla hatujaendelea, angalia uwiano. Chini kabisa mzigo wa kudumu ni 2,840 na wa matumizi, pamoja na paa, ni 1,170. Asilimia 70 ya uzito wa nguzo hii haiguswi na kipunguzo chochote. Tutarudi hapa baadaye, maana watu wengi hutumia saa nzima kubishana juu ya asilimia 40 ya kipande kidogo na dakika mbili tu kwenye kipande kikubwa.

Njia tatu, nguzo moja

Wazo la kupunguza ni moja kwa wote: haiwezekani sakafu zote saba zijae watu na mizigo hadi kiwango cha juu kwa siku moja. Kila kanuni inalisema wazo hilo kwa namna yake.

BS 6399 sehemu ya 1, toleo la 1996, inahesabu sakafu. Nguzo ikibeba sakafu moja haipunguziwi kitu. Mbili, asilimia 10. Tatu, 20. Nne, 30. Tano hadi kumi, 40. Zaidi ya kumi, 50, na hapo ndio mwisho. Ni jedwali la kukariri kwa dakika moja, na wengi wetu tuliosoma kwa BS 8110, ile ya usanifu wa zege, bado tunalo kichwani. Ina njia ya pili ya kupunguza kwa ukubwa wa eneo, lakini hiyo inaishia asilimia 25 na hairuhusiwi kuchanganywa na ya sakafu. Kwa nguzo ya ghorofa ndefu haina kazi.

Kanuni ya Ulaya inatumia fomula:

```
alpha_n = (2 + (n - 2) * psi_0) / n
```

Hapa `n` ni idadi ya sakafu za aina moja ya matumizi zilizo juu ya kipande cha nguzo, nayo lazima izidi mbili. `psi_0` kwa ofisi na makazi ni 0.7. Isome kwa maneno na utaipenda: sakafu mbili zimejaa kabisa, zilizobaki zimejaa kwa asilimia 70. Ni picha unayoweza kumweleza hata mwenye jengo. Kila nchi inaruhusiwa kubadilisha hili kwenye kiambatisho chake. Waingereza walifanya hivyo: kiambatisho chao kimerudisha asilimia zile zile za jedwali la BS. Kwa hiyo mtu akikwambia "nimetumia Eurocode", muulize ya kiambatisho kipi. Majibu mawili yanatofautiana kwa kN 205 kwenye nguzo hii.

ASCE 7 haihesabu sakafu, inahesabu eneo:

```
L = Lo * (0.25 + 4.57 / sqrt(KLL * AT))
```

`Lo` ni mzigo kabla ya kupunguzwa, `L` ni baada ya kupunguzwa. `AT` ni jumla ya maeneo ya nguzo kwa sakafu zote za juu, kwa mita za mraba. `KLL` kwa nguzo ya katikati ni 4, kwa sababu mzigo uliowekwa popote kwenye panseli nne zinazoizunguka hufika kwake kwa kiasi fulani, hata ulio nje ya nusu ya uwazi. Matokeo hayaruhusiwi kushuka chini ya 0.5 kwa nguzo inayobeba sakafu moja, wala chini ya 0.4 kwa inayobeba mbili au zaidi.

Hili hapa jedwali, sakafu za ofisi tu, bila paa. Namba zote ni kN, na nimeanza na 157.5 ile ile kwa njia zote ili tulinganishe vipunguzo peke yake.

| Sakafu juu ya kipande | Bila kupunguza | BS 6399 | EN 1991, fomula yake | ASCE 7 |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 158 | 158 | 158 | 93 |
| 2 | 315 | 284 | 315 | 155 |
| 3 | 473 | 378 | 425 | 211 |
| 4 | 630 | 441 | 536 | 265 |
| 5 | 788 | 473 | 646 | 317 |
| 6 | 945 | 567 | 756 | 378 |
| 7 | 1,103 | 662 | 866 | 441 |

Paa sijalihesabu kama sakafu na sijalipunguza. Katika kanuni ya Ulaya paa la kawaida haliko kwenye kundi la ofisi, kwa hiyo haliingii kwenye `n`. Kwa BS nafanya vivyo hivyo. Ni kN 67.5 tu, haifai kugombania.

Tazama safu ya BS kati ya sakafu ya nne na ya tano. Sakafu nzima ya kN 157.5 imeongezwa lakini mzigo umepanda kwa 32 tu, kwa sababu asilimia imeruka kutoka 30 hadi 40 kwa jumla yote. Halafu kutoka tano kwenda sita unapanda kwa 95. Huu ndio udhaifu wa jedwali la ngazi: hauna mteremko laini. Jengo la sakafu nne likiongezwa moja baadaye, kwenye karatasi nguzo ya chini itaonekana kana kwamba haikuongezewa kitu cha maana upande wa matumizi. Nimeshaona hoja hiyo ikitumika kumshawishi mwenye jengo aongeze ghorofa. Walisahau zile kN 355 za kudumu.

Fomula ya Ulaya haina mruko huo. Baada ya sakafu mbili za kwanza, kila inayoongezwa inaleta kN 110. Ya Marekani inapunguza tangu sakafu ya kwanza, na kwa nguzo hii inagonga kikomo cha 0.4 kwenye sakafu ya sita.

Usisimame kwenye mzigo uliopunguzwa

Hapa ndipo wanaolinganisha hukosea. 866 dhidi ya 662 ni tofauti ya asilimia 31, na mtu anaona kanuni ya Ulaya ni ya gharama. Lakini kila namba ina kizidisho chake cha usalama. Tuweke paa tena, tuzidishe.

Kwa BS 8110: 1.4 × 2,840 + 1.6 × 729 = kN 5,142.

Kwa kanuni za Ulaya na fomula yake: 1.35 × 2,840 + 1.5 × 934 = kN 5,235.

Tofauti ni kN 93, haifiki asilimia 2. Kile BS ilichokisamehe kwenye kipunguzo ilikirudisha kwenye 1.4 na 1.6. Ukitumia kiambatisho cha Waingereza, vizidisho vya Ulaya vinakutana na kipunguzo cha BS na unapata kN 4,928. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote mbili, na ni halali kwa sababu seti nzima imepangwa pamoja.

Kisicho halali ni kuchukua kipande kutoka kila seti. Mtu anaona ASCE inatoa 441, anaitia kwenye karatasi ya BS: 1.4 × 2,840 + 1.6 × (441 + 67.5) = kN 4,790. Amepunguza kN 352 ambazo hakuna kanuni iliyompa. Wamarekani wanakubali mzigo mdogo namna hiyo kwa sababu upande wa pili, kwenye ACI 318, kanuni yao ya zege, wanaipunguza nguvu ya nguzo yenye ringi za kawaida kwa 0.65 kisha tena kwa 0.80. BS 8110 haina punguzo hilo mahali hapo, usalama wake umeshaingizwa ndani ya fomula ya zege na nondo.

Bila kupunguza kabisa, BS ingetoa 1.4 × 2,840 + 1.6 × 1,170 = kN 5,848. Kwa nguzo ya 550 kwa 550, zege la N/mm² 30 na nondo za 460, kwa ile fomula ya nguzo yenye bimu zinazolingana pande zote, tofauti ya kN 706 ni kama mm² 2,370 za chuma. Hizo ni nondo tatu za milimita 32 katika nguzo moja, ghorofa ya chini. Kwa nguzo ishirini za katikati na ghorofa tatu za chini, mwenye fedha ataisikia.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi

Mwaka mmoja kijana wa ofisini kwetu aliniletea karatasi yake ya Eksel. Nilishuka na safu ya mzigo wa matumizi, nikasimama.

"Mdogo wangu, hebu nisomee hizi kuanzia juu."

"158, 284, 353, 357, 309, 280, 262."

"Umeongeza sakafu ngapi kati ya 357 na 262?"

"Tatu, kaka."

Akanyamaza. Alikuwa amechukua mzigo uliokwisha kupunguzwa wa ghorofa ya juu, akaongeza sakafu moja, akapunguza tena jumla yote kwa asilimia ya ngazi hiyo. Sakafu ya saba ilikuwa imepunguzwa mara sita. Badala ya 662 alifika na 262, na kwa kuwa mzigo wa kudumu ni mkubwa, jumla ya mwisho haikuonekana ya ajabu. Kompyuta haikulalamika.

Alama yake ni hiyo: mzigo wa matumizi ukipungua unaposhuka, karatasi ina kosa. Kwa BS na kwa ASCE unaweza kupanda kidogo sana, lakini kwa jengo lenye sakafu zinazofanana zisizozidi kumi hauwezi kushuka.

Kosa la upande wa pili ni kuipa kila sakafu asilimia ya ngazi yake peke yake: ya saba haipunguzwi, ya sita asilimia 10, ya tano 20, na kuendelea, kisha kujumlisha. Inatoa kN 819. Ni salama, ila ni ghali, na si jedwali linavyosema. Asilimia inahusu jumla yote iliyo juu ya kipande unachokisanifu.

Dawa ya yote mawili ni kuweka safu mbili. Moja ni jumla ghafi, haiguswi kamwe. Nyingine inapunguza hiyo jumla ghafi kwa kila ngazi upya:

```
=SUM(C$5:C8)*(1-D8)
```

Safu C ni mzigo wa kila sakafu kuanzia juu, D ni asilimia ya ngazi. Alama ya dola mbele ya 5 ndiyo inayolinda: jumla huanza juu kila mara, haianzi kwenye seli iliyopunguzwa.

Kinachobebwa chote bila kupunguzwa

BS na kanuni ya Ulaya zinakubaliana kwamba hoja ya "haziwezi kujaa pamoja" haifanyi kazi kwa kitu kinachokaa kimejaa. Ghala, mashine, matangi. BS inaongeza kwenye orodha hiyo mzigo wowote uliokadiriwa kwa kujua matumizi halisi.

Chukua jengo letu, mpangaji wa sakafu ya tatu anataka masjala. BS inataka kN 5.0 kwa mita ya mraba kwa chumba cha mafaili, yaani kN 225 kwa nguzo yetu, bila punguzo. Sakafu zinazohesabika zimebaki sita, bado ni asilimia 40: 945 × 0.6 = 567. Ongeza 225 na paa 67.5, unapata kN 860 badala ya 729. Mtu anayeiacha masjala ndani ya jumla na kupunguza yote anapata 770. Amepoteza kN 90, na hizo ni mafaili yaliyopo Jumatatu hadi Jumapili. Kwa jengo lenye sakafu tano ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu masjala moja inakushusha kutoka sakafu tano hadi nne, na asilimia kutoka 40 hadi 30 kwa zote.

Kwa kanuni ya Ulaya ni hivyo hivyo, ila angalia na maduka. Maduka ya sakafu ya kwanza ni kundi lingine, hayahesabiwi pamoja na ofisi kwenye `n`.

Matangi ya maji juu ya paa ni jambo la kwetu kabisa. Matangi mawili ya plastiki ya lita 5,000 yakisimama ndani ya m² 45 za nguzo ni karibu kN 100 za maji. Yanashuka hadi msingi bila kupunguzwa, na ni makubwa kuliko mzigo wote wa paa niliouweka. Tafuta kwenye michoro ya fundi bomba yamewekwa wapi, kwa sababu mchoro wa msanifu mara nyingi unaonyesha paa tupu.

Halafu kuta. Ile 1.0 ya kugawia vyumba ni ya mbao za jasi na aluminiamu. Dar na Mombasa ofisi nyingi zinagawanywa kwa tofali za saruji za inchi sita, plasta pande zote mbili. Ukuta huo una kama kN 3.5 kwa mita ya mraba ya ukuta. Kwa urefu wa mita 3.3 ni kN 11.5 kwa kila mita unayotembea. BS yenyewe inasema ukitaka kuugeuza ukuta kuwa mzigo wa sakafu, weka angalau theluthi moja ya uzito wake kwa mita: hapa 3.8, siyo 1.0. Na ukuta wa tofali hauhami kwa hiyo hauna bahati nasibu ya kujaa au kutokujaa. Mimi nauweka kwenye mzigo wa kudumu, mahali ulipochorwa, na nguzo inaubeba wote. Mhandisi aliyechukua 1.0 kwenye mzigo wa matumizi na kuipunguza kwa asilimia 40 amebakiwa na 0.6 kwa ukuta unaotaka 3.8.

Eneo ni kubwa kuliko kipunguzo

Nilisema tutarudi kwenye asilimia 70. Nusu ya uwazi kila upande ni njia nzuri pale nguzo ina panseli nyingi pande zote, na BS 8110 inaruhusu kuhesabu mzigo wa nguzo kana kwamba bimu zimekaa tu juu yake bila kuendelea. Lakini viwanja vingi vya Kariakoo ni vyembamba, jengo lina panseli mbili tu kwa upana. Bimu inayoendelea juu ya nguzo tatu inampa wa katikati mara 1.25 ya kile nusu kwa nusu inachosema, na wa pembeni wanapata pungufu.

Kwenye jengo letu, slabu na bimu ni kN 330 kwa ngazi. Robo yake ni 82, kwa ngazi nane ni kN 660 za mzigo wa kudumu, ambazo BS inazizidisha kwa 1.4 na kuwa 924. Kumbuka kipunguzo chote cha BS kilituokolea 706. Yaani mtu ameshinda mchana kutwa akichagua kati ya jedwali na fomula, na eneo alilolikubali bila kufikiri limekula zaidi ya akiba yote.

1.25 ni ya bimu juu ya vishikizo visivyosogea. Ndani ya fremu halisi nguzo ya katikati hufupika kidogo zaidi kuliko za pembeni, na uwiano unashuka. Kwa hiyo sichukui 1.25 kwa upofu. Ninachofanya ni kuendesha modeli ya fremu ya ghorofa nzima, kisha kugawanya mzigo wa kudumu wa nguzo kwa 6.5 na idadi ya ngazi baada ya kutoa uzito wa bimu na nguzo, nione modeli inaiona nguzo ina mita ngapi za mraba. Ikitoa 47, naendelea na 45 kwa amani. Ikitoa 54, karatasi ya mkono ndiyo inayobadilika.

Mimi nachagua vipi

Kama usanifu wa zege ni kwa BS 8110, natumia jedwali la BS 6399 na sitafuti kingine. Shirika la viwango la Uingereza, BSI, liliiondoa rasmi 2010, lakini mahali ambapo ofisi ya vibali bado inapokea hesabu za BS, seti nzima inabaki pamoja na mkaguzi anaifuata kwa macho.

Kama ni kanuni za Ulaya, nafungua kiambatisho cha taifa kinachotumika na kufuata kinavyosema. Kama hakuna kinachotulazimisha, nachukua fomula ya kN 866 badala ya kiambatisho cha Waingereza. Inagharimu kidogo, haina mruko wa sakafu ya tano, na inanipa nafasi pale mpangaji atakapobadilika. Kitu kimoja cha kuangalia hapa: upepo ukiwa ndio mzigo mkuu na ofisi ikafuata kwa `psi_0`, usitie na `alpha_n`. Ni moja au nyingine.

ASCE naitumia tu pale mteja ameagiza ACI tangu juu hadi msingi, na hapo naanza na mizigo yao, siyo 2.5 yetu.

Kwa jengo la sakafu mbili au tatu sipunguzi kabisa. Kwa sakafu mbili za nguzo hii BS ingeniokolea kN 32, na nondo nitaishia kuweka zile zile nne za kona. Napunguza pia kwa shingo upande kwenye jengo la kupangisha ambalo hakuna anayejua nani ataingia. Hapo huwa nahesabu sakafu moja kama masjala hata kama haipo kwenye mchoro, ile ya chini ambako watu hupenda kurundika.

Na kwenye mchoro wa nguzo naandika mstari mmoja: sakafu zipi zimepunguzwa, kwa kanuni ipi, na mzigo gani wa matumizi kwa kila sakafu. Miaka kumi baadaye mtu atakuja kuuliza kama anaweza kuweka mashine ya kuchapia sakafu ya nne, na mimi sitakuwepo.